Slaidi Nane na Mita Moja

Fundi wa vyumba vya baridi hana cha kuning'iniza dirishani. Muuza mapazia hutundika mapazia yake mlangoni, na mpika keki hupiga picha ya keki. Lakini aliyebadilisha mpira wa mlango wa friza la hoteli na kuosha mtambo ulioko juu ya paa, hata akipiga picha mia, mtazamaji ataona mlango uleule na mashine ileile. Kilichobadilika kimejificha ndani ya mita ya umeme.

Hiyo ndiyo shida ya karibu kila anayeiuzia huduma kampuni nyingine, awe mkaguzi wa hesabu, msafirishaji wa mizigo, mwenye kampuni ya ulinzi au fundi wa mitambo. Mteja wake hanunui kwa macho, na wala hanunui peke yake. Meneja atapendezwa, mhasibu atauliza bei, mkurugenzi atauliza kwa nini mwaka huu. Kwa watu kama hao umeenea mtindo wa kusimulia kisa cha mteja kwa karuseli, yaani mfululizo wa slaidi ambazo msomaji anazitelezesha kwa kidole kwenye simu: tatizo lilikuwa hili, tukafanya hivi, tukapima tukapata hiki. Instagram ilianza kuruhusu picha na video hadi 10 katika chapisho moja mwezi Februari 2017, na mwaka 2024 ikaongeza zikafika 20. Kwenye LinkedIn watu hupandisha faili la PDF, na kila ukurasa wake ukawa slaidi.

Neno lenyewe wazee wa mikutano wanalikumbuka kutoka projekta za Kodak zilizoitwa Carousel, zilizotoka miaka ya 1960, zenye sahani ya mviringo iliyobeba slaidi 80. Enzi hizo aliyeshika kitufe alikuwa msemaji, na ukumbi mzima ulimfuata alikokwenda. Leo anayeamua kama slaidi inayofuata itaonekana ni msomaji, akiwa kwenye daladala au kwenye foleni ya benki, na kidole chake kinaweza kuondoka wakati wowote. Kwa hiyo kila slaidi ina kazi ya kumpa sababu ya kufungua inayofuata, na slaidi ya matokeo lazima iwe na kitu cha kumlipa kwa kufika pale.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Fundi na hoteli nimewatunga, na tarakimu zao nimezipanga ili hesabu ifuatike kirahisi. Mwenendo wa mitambo na wa wasomaji ni wa kweli.

Hoteli ina vyumba 40, iko ufukweni Dar es Salaam. Jikoni kuna vyumba viwili vya baridi: friza la samaki na nyama linalotakiwa kukaa nyuzi 18 chini ya sifuri, na chumba cha mboga na matunda kinachokaa nyuzi 4. Meneja analalamika kwamba umeme wa LUKU unaisha kabla ya siku aliyoipigia hesabu, na kwamba kompresa ya friza haipumziki. Anamwita fundi.

Fundi wengi hapa hukosea jambo moja ambalo baadaye haliwezi kurekebishwa: wanaanza kazi. Wanafika na vifaa, wanafungua, wanasafisha, wanabadilisha, mteja anashukuru, wanaondoka. Miezi mitatu baadaye mtu wa matangazo anawauliza, "Mlipunguza umeme kwa kiasi gani?" na hapo hakuna wa kujibu, kwa sababu hakuna aliyejua ulikuwa kiasi gani. Slaidi ya matokeo hutengenezwa kabla ya bisibisi ya kwanza kugusa mashine. Asiyepima mwanzo atabaki na maneno kama "umeme umepungua sana", na neno "sana" halijawahi kumshawishi mhasibu.

Fundi wetu anafunga mita ndogo kwenye laini inayolisha vyumba viwili vya baridi tu. Risiti za LUKU za hoteli nzima hazitamfaa, kwa kuwa ndani yake kuna viyoyozi vya wageni, pampu ya maji, mashine za kufulia na taa za bustani. Wageni wakipungua, risiti zitashuka hata kama friza linavuja baridi usiku kucha. Kwa siku 14 za Novemba mita ndogo inasomwa kila asubuhi saa moja, kabla jiko halijachangamka. Siku ya chini kabisa inaonyesha uniti 88, ya juu kabisa 104, na wastani ni uniti 96 kwa siku. Pembeni ya kila somo anaandika vitu viwili zaidi: nyuzi za joto ndani ya friza, na takribani kilo ngapi za samaki na nyama zilizoingia siku ile.

Kazi inachukua siku mbili. Kisha mita inasomwa tena kwa siku 14, saa ileile, kwa namna ileile. Sasa siku ya chini ni uniti 66, ya juu ni 77, na wastani ni 71. Umeme umeshuka kwa uniti 25 kwa siku, ambazo ukizigawa kwa 96 unapata asilimia 26.

Asilimia 26 haisikiki kama ngurumo. Ndipo mtu wa matangazo anapoanza kuwashwa. Angeweza kuchukua risiti za LUKU za hoteli nzima za Februari, akaziweka kando ya zile za Julai, akapata tofauti kubwa zaidi, labda asilimia 40, na asiandike tarakimu hata moja ya uongo. Lakini Februari ni kipindi cha joto kali Dar es Salaam, na Julai ni kipindi cha kipupwe, upepo wa kusi unavuma na watu wanalala bila kiyoyozi. Anayejua pwani ataiona hila hiyo mara moja. Asiyeijua ataiamini, atanunua, na baada ya mwaka atagundua kwamba alilipia majira ya mwaka.

Kipimo cha fundi wetu kina bahati nzuri ambayo inafaa kuandikwa kwenye slaidi. Kuanzia Novemba kuelekea Desemba joto la pwani linapanda, na hoteli inaanza kujaa. Hali ya hewa na wingi wa wageni vyote vilikuwa vinasukuma umeme upande, na bado umeshuka. Hapo asilimia 26 ina nguvu kuliko asilimia 40 ya Julai.

Kuna mtego mwingine ambao nadhani unawanasa hata watu waaminifu. Mteja haiti fundi siku ya kawaida. Humwita siku hali imefika kileleni: barafu imeganda mlango haufunguki, umeme umeisha katikati ya harusi, samaki wameharibika. Siku mbaya kupita kiasi kwa kawaida hufuatwa na siku zisizo mbaya kiasi hicho, hata usipofanya chochote. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton aliuandika mwenendo huu mwaka 1886 alipolinganisha vimo vya wazazi na watoto: wazazi warefu sana huwa na watoto warefu, lakini kwa wastani si warefu kama wao. Kwa fundi maana yake ni hii: ukichukua siku mbaya kuliko zote kuwa "kabla" na siku yoyote ya kawaida kuwa "baada", utapata ushindi ambao hukuufanyia kazi. Ndiyo sababu ya kupima siku 14 badala ya moja, na ndiyo sababu ya kuandika siku ya chini na siku ya juu pamoja na wastani. Kwenye mfano wetu, siku nzuri kuliko zote kabla ya kazi, uniti 88, bado ni mbaya kuliko siku mbaya kuliko zote baada ya kazi, uniti 77. Siku moja iliyochaguliwa kwa ujanja haiwezi kutoa picha hiyo.

Yapo pia yale maandishi ya nyuzi za joto. Umeme wa friza hupungua kirahisi kabisa ukiacha friza lipate joto. Ukilisogeza kutoka nyuzi 18 hadi nyuzi 12 chini ya sifuri, mita itafurahi, ila samaki hawatadumu kama zamani. Kila matokeo yana kitu ambacho kingeweza kutolewa kafara kimyakimya ili kuyapata, na msomaji mwenye uzoefu anakitafuta hicho. Msafirishaji aliyepunguza muda wa kufikisha mizigo ataulizwa mizigo mingapi ilivunjika. Mwenye kampuni ya ulinzi aliyepunguza gharama ataulizwa walinzi wangapi wameacha kazi. Fundi wetu anajibu kabla ya kuulizwa: friza lilibaki nyuzi 18 chini ya sifuri siku zote 14.

Sasa tuzipange slaidi zenyewe.

Slaidi ya kwanza huwa ndiyo pekee ambayo watu wengi wataiona. Fundi na mbunifu wake wanashawishika kuweka nembo ya kampuni, picha ya gari lenye maandishi, na maneno "Suluhisho bora la ubaridi kwa biashara yako". Hakuna meneja wa hoteli anayelala akiwaza suluhisho bora la ubaridi. Anawaza uniti. Ningeandika hivi: "Vyumba viwili vya baridi. Uniti 96 kwa siku. Tulizishusha hadi 71 bila kununua mashine mpya." Wapo wanaoshauri matokeo yafichwe hadi mwisho, msomaji avutwe na hamu kama kwenye hadithi. Kwa hadithi nakubali. Kwa mtu wa ununuzi mwenye simu kumi ambazo hajajibu, tarakimu ya mbele ndiyo inayomwambia kwamba kisa hiki kinastahili dakika yake, na hamu yake itabaki palepale: walifanyaje bila kununua mashine?

Slaidi ya pili ni tatizo, nayo isitegemee sana ya kwanza. Mtu akipita slaidi ya kwanza bila kutelezesha, Instagram inaweza kumrudishia chapisho lilelile baadaye likianzia slaidi ya pili. Kwa hiyo hapa panatajwa mteja ni nani na hali ilikuwaje: "Hoteli ya vyumba 40, ufukweni Dar es Salaam. Kompresa ya friza haikupumzika. Kabla ya kugusa chochote tulipima umeme wa vyumba vya baridi kwa siku 14: wastani uniti 96 kwa siku." Ukubwa wa hoteli hauwekwi kwa pambo. Mwenye nyumba ya wageni ya vyumba sita na mwenye hoteli ya vyumba mia mbili wote wanajiuliza kama kisa hiki kinawahusu, na haki yao ni kujua mapema.

Slaidi ya tatu ndiyo watu huiruka, nami ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kisa kikisema "Tatizo: umeme mwingi. Hatua: tulifanya ukarabati", msomaji hajajifunza kitu na hana sababu ya kuamini kwamba hatua ile ndiyo iliyoleta matokeo yale. Kati ya tatizo na hatua kuna chanzo, na kukieleza chanzo vizuri kunashawishi kuliko sifa yoyote, kwa sababu msomaji anaona akili ya fundi ikifanya kazi.

Chanzo chenyewe kilikuwa hiki. Mpira unaozunguka mlango wa friza ulikuwa umekakamaa na kuchanika upande wa chini. Hewa ya jikoni, yenye mvuke mwingi kama ilivyo hewa ya pwani, ilikuwa inaingia ndani. Mvuke huo uliganda kuwa barafu kwenye koili, na koili ikivaa barafu, feni haiwezi kupitisha hewa vizuri, kwa hiyo chumba kinachelewa kupoa na kompresa inaendelea kuzunguka. Ili kuipambana barafu, mtu alikuwa ameweka taima iwashe hita ya kuyeyusha mara sita kwa siku, dakika 40 kila mara. Saa nne kila siku hoteli ilikuwa inalipia umeme wa kupasha joto friza lake. Juu ya paa nako, kondensa, ambayo kazi yake ni kutupa nje joto lililotolewa ndani, ilikuwa imezibwa na vumbi lililogandishwa na chumvi ya bahari.

Yote hayo hayatoshi kwenye slaidi moja, wala hayatakiwi. Slaidi inahitaji picha moja: karatasi iliyobanwa na mlango wa friza, na mkono ukiivuta. "Funga mlango juu ya karatasi, kisha ivute. Ikitoka bila kubisha, mpira haushiki, na hewa ya moto inaingia." Msomaji anaweza kuweka simu chini, aende jikoni kwake, ajaribu. Akiivuta karatasi ikatoka kama inatoka kwenye bahasha, hakuna maneno ya fundi yatakayomshawishi zaidi ya hapo.

Slaidi ya nne na ya tano ni hatua. Kosa la kawaida hapa ni kuorodhesha kila kitu kama risiti ya duka la vipuri. Hatua zifuate vyanzo: mpira mpya wa mlango na pazia la vipande vya plastiki ili hewa isiingie, kisha, kwa kuwa barafu sasa ni kidogo, taima ikapunguzwa kutoka mara sita hadi mara nne, dakika 25 kila mara, kondensa ikaoshwa. Neno "kwa kuwa" lina thamani kubwa pale. Linaonyesha kwamba taima haikupunguzwa kwa kubahatisha, na linamwonya mwingine asikimbilie kupunguza taima yake huku mpira umechanika, maana barafu itamjaa ndani ya siku chache.

Kuhusu maandishi, slaidi ya Instagram hutengenezwa kwa upana wa pikseli 1080 na urefu wa 1350, lakini kwenye simu inaonekana ikiwa imebanwa karibu mara tatu. Herufi ya pikseli 30 inayoonekana kubwa kwenye kompyuta ya mbunifu inakuwa kama ya 10 mkononi mwa msomaji, nayo ni ndogo kwa mtu wa miaka hamsini aliyesahau miwani. Mbunifu ajitumie slaidi kwa WhatsApp, aitazame kwenye simu, nje, juani. Ikimlazimu kuikuza, maneno yapunguzwe. Thelathini hivi kwa slaidi yanatosha.

Slaidi ya sita ni matokeo, na mara nyingi ni grafu. Nguzo mbili tu: 96 na 71. Nguzo zianzie sifuri. Programu nyingi za kuchora grafu zinakuruhusu kuanzia popote, na ukianzia 60 nguzo ya kwanza itakuwa na kimo cha 36 na ya pili kimo cha 11, ya kwanza ikionekana zaidi ya mara tatu ya ya pili. Tarakimu zilizoandikwa juu yake zitakuwa sahihi, ila jicho litakuwa limedanganywa, na mhasibu mzoefu ataacha kukuamini palepale, hata kwa yale uliyosema kweli.

Chini ya nguzo hizo, kwenye slaidi ileile, paandikwe: "Wastani wa siku 14 kabla na siku 14 baada, Novemba hadi Desemba. Mita ya vyumba vya baridi pekee. Friza lilibaki nyuzi 18 chini ya sifuri." Nasisitiza kwenye slaidi ileile kwa sababu ya jinsi kampuni zinavyonunua. Meneja hatamtumia mhasibu karuseli nzima. Atapiga picha ya skrini ya slaidi moja, ile yenye tarakimu, aitume kwenye kundi la WhatsApp la ofisi na maneno "hawa vipi?" Slaidi hiyo sasa iko peke yake, bila ya pili wala ya tano kuitetea. Mhasibu atajibu, "Umeme wa nini? Wa muda gani?" Majibu yakiwa palepale chini ya nguzo, mazungumzo yanaendelea. Yasipokuwapo, yanaishia hapo.

Na tahadhari moja ya maneno. Kama kipimo chenyewe ni asilimia, mfano friza lilikuwa linazunguka asilimia 90 ya muda na sasa linazunguka asilimia 63, usiandike kwamba limepungua kwa asilimia 27. Limeshuka pointi 27 za asilimia, ambazo ni pungufu ya asilimia 30 ya muda wa mwanzo. Njia salama ni kuacha hesabu hiyo na kuandika zote mbili zilivyo: kutoka asilimia 90 hadi 63.

Slaidi ya saba inazungumzia pesa na mipaka. Tuseme kazi nzima iligharimu shilingi 2,400,000, na hoteli inalipa shilingi 350 kwa uniti. Uniti 25 kwa siku ni uniti 750 kwa mwezi, sawa na shilingi 262,500. Gharama inarudi baada ya miezi tisa na siku chache. Ningeiandika hesabu hiyo wazi badala ya kuandika jibu tu, ili mwenye bei nyingine ya uniti aweke yake. Kisha mstari mmoja wa ukweli usiopendeza: "Chumba cha mboga hakikubadilika sana; mpira wake ulikuwa mzima. Karibu nafuu yote imetoka kwenye friza." Wenye biashara wengi wanataka mstari huo ufutwe. Ninawaelewa, lakini fikiria mwenye mgahawa aliye na chumba cha mboga tu. Bila mstari huo atapiga simu, fundi atasafiri hadi kwake, na wote wawili watapoteza siku. Ukiwepo, mwenye friza anayeusoma anajua kwamba fundi huyu akiona kitu kizima husema ni kizima.

Ya nane ni ombi, na liwe moja. Usiombe apige simu, afuate ukurasa, atembelee ofisi na ashiriki na marafiki kwa pamoja. Kwa fundi wetu ombi linalofaa ni dogo: "Tutumie picha ya mlango wa friza lako na risiti mbili za LUKU. Tutakwambia kama inafaa kuja kupima." Mtu anaweza kulitimiza akiwa amesimama jikoni.

Maneno ya mteja, kama yapo, yaje kabla ya ombi hilo, na yawe yake kweli. Maneno yanayoandikwa na mbunifu kisha mteja akaombwa kuyakubali yana harufu ambayo kila mtu anaisikia. "Tumeridhishwa na huduma bora" haisemi kitu. Mpishi mkuu aliyesema, "Sasa mlango unafunguka bila kuupiga teke," amesema kila kitu.

Ruhusa iombwe kwa maandishi, na iombwe siku mita inapofungwa, wakati kila mtu ana matumaini, si baada ya matokeo. Mteja aonyeshwe slaidi zote kabla hazijatoka. Akikataa jina lake litajwe, unaweza kumtaja kwa aina na ukubwa, lakini "hoteli ya vyumba 40" ndani ya mji mdogo wenye hoteli moja ya namna hiyo ni sawa na kuandika jina. Hapo taja mkoa tu, au tumia kisa kingine. Picha za wafanyakazi zina uzito wake wa pekee: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ilipitisha ya kwake mwaka 2019. Ruhusa ya meneja kutumia jina la hoteli haimpi mtu ruhusa ya kutumia sura ya mpishi. Mpishi aulizwe mwenyewe.

Limebaki jambo la muda. Mita ndogo ikiachwa palepale ukutani na fundi akarudi kuisoma mwezi Machi, huenda akakuta wastani umepanda hadi uniti 74. Nafuu imeshuka kutoka asilimia 26 hadi 23. Sehemu ya ongezeko inaweza kuwa joto la Februari na Machi, na sehemu ni kondensa, ambayo chumvi na vumbi vimeanza kuizibia tena. Anaweza kuliacha chapisho la Desemba lilivyo, maana tarakimu zake zina tarehe na bado ni kweli kwa tarehe hizo. Mimi ningetengeneza slaidi moja zaidi, nguzo tatu badala ya mbili, 96, 71 na 74, zote zikianzia sifuri, na chini yake: "Miezi mitatu baadaye. Kondensa ya ufukweni inahitaji kuoshwa kila robo mwaka." Meneja akiipokea hiyo kwenye simu yake, kabla hajamaliza kuisoma atakuwa anatazama juu, kule paani.